Kemo imenikatisha hedhi nina miaka 38, joto linanimaliza na homoni nimekatazwa

Dada nesi shikamoo. Naishi Tabata, nina mume na watoto wawili, nauza vitenge Kariakoo. Mwaka jana nilikutwa na kansa ya titi, likatolewa, nikapigwa kemo mizunguko 8 na wakasema yangu ni ile inayokula homoni, kwahiyo nimepewa tamoksifeni kidonge kimoja kila siku miaka mitano. Kemo imeisha miezi 8 sasa. Hedhi ilikata mzunguko wa tatu mpaka leo. Shida ni joto, linapanda ghafla kutoka kifuani mpaka usoni najilowesha jasho mbele ya wateja, usiku naamka mara tano sita nabadilisha mpaka shuka, asubuhi sina nguvu na hasira hazinitoki. Na tendo la ndoa limekuwa adhabu, nakauka kabisa, inauma kama nakwaruzwa na msasa, mume wangu anahisi simtaki. Nilienda zahanati ya karibu wakasema ni mawazo wakanipa fluoksetini, nina wiki ya tatu nameza. Shoga yangu kaninunulia vidonge vya majira paketi mbili anasema virudishe hedhi, viko kwenye pochi sijaanza. Mama yangu mdogo aliwahi kupewa homoni hospitali akapona joto, mbona mimi nimekatazwa? Mwenzio nimeshaanza kufikiria kuacha hiyo tamoksifeni maana naona ndio imezidisha. Nisaidie dada.

—Mama wawili, Tabata

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimefanya kazi wodi ya kansa miaka mingi na barua kama yako nimezisikia kwa mdomo mara nyingi kuliko nnavyoweza kuhesabu, wengi wanakuja kuniambia kwenye korido wakati daktari ameshatoka maana wanaona aibu kumwambia. Kwahiyo ntakujibu kwa urefu, ila kuna vitu viwili haviwezi kusubiri naanza navyo.

Hizo paketi mbili kwenye pochi mrudishie shoga yako leo. Najua kafanya kwa upendo. Lakini vidonge vya majira vya kawaida vina homoni za estrojeni na projestini, na damu ambayo ungeiona baada ya kumaliza paketi sio hedhi yako imerudi, ni ukuta wa kizazi unaoporomoka kwa sababu umeacha kumeza, mayai yako yangekuwa palepale yalipo. Yaani ungepata picha ya hedhi bila hedhi yenyewe, na wakati huohuo ungekuwa unailisha ile kansa chakula chake. Na usije ukabadilishiwa ukapewa sindano ya miezi mitatu au vijiti vya mkononi ukaambiwa hivi ni salama, navyo ni homoni.

Mama mdogo wako alipewa homoni kwa sababu hakuwa na kansa ya titi, hapo ndipo mlipoachana. Seli za kansa yako zina vipokezi, chukulia ni viti vidogo ambavyo estrojeni ikija inakaa na seli inapata amri ya kugawanyika. Zamani madaktari wengine walidhani labda ukishatibiwa unaweza kupewa homoni kidogo za kutuliza joto, wakaamua wajaribu kwa utaratibu kule Sweden, wakachukua wanawake waliokwisha kutibiwa kansa ya titi, wengine wakapewa homoni wengine hawakupewa. Desemba 2003 wakausimamisha utafiti kabla ya muda wake, maana waliopewa homoni kansa ilikuwa inarudi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Baadaye ikajaribiwa tiboloni, ambayo watu waliinadi kwamba ni homoni laini, nayo matokeo yake yakatoka 2009, kansa ilirudi zaidi kwa walioimeza. Kwahiyo aliyekukataza hakukunyima, alikuwa sahihi, kosa lake ni kukukataza akaishia hapo bila kukwambia utumie nini.

Cha pili ni hiyo fluoksetini. Sikulaumu wewe na hata aliyekuandikia sidhani alijua unameza nini kingine. Tamoksifeni unayomeza ikifika tumboni bado haijaiva, lazima ini liipike igeuke kuwa dawa yenye nguvu inaitwa endoksifeni, na ini linatumia kimeng'enya kimoja hasa kufanya hiyo kazi. Fluoksetini inakifunga hicho kimeng'enya. Paroksetini pia. Matokeo yake unameza tamoksifeni kila siku vizuri kabisa lakini ile iliyoiva kwenye damu inakuwa pungufu. Wataalamu bado wanabishana hiyo inaongeza hatari ya kansa kurudi kwa kiasi gani, ila kwa kuwa dawa nyingine zisizogusa hicho kimeng'enya zipo, hakuna sababu ya wewe kubahatisha. Nenda kliniki yako ya kansa wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, beba pakiti ya fluoksetini uwaonyeshe kwa macho wakwambie inavyoachwa. Ujue pia inakaa mwilini wiki kadhaa hata baada ya kuiacha, hiyo nitairudia mbele kidogo kwa sababu inaamua dawa gani uanze nayo.

Na tamoksifeni usiiache. Ni kweli kwamba nayo inachangia joto, hujakosea kuona hivyo, kwa sababu kazi yake ni kwenda kukaa kwenye vile viti ili estrojeni ikija ikute pamejaa, na ubongo wako unaona kama estrojeni imeisha kabisa. Lakini wanaomeza miaka mitano kamili wanapunguza uwezekano wa kufa na kansa ya titi kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo inaendelea kuonekana mpaka mwaka wa 15. Hakuna dawa ya joto duniani inayoweza kukulipa hicho. Nimeona wanawake walioacha kimyakimya kwa ajili ya joto hili hili, anachukua dawa kliniki anazirundika kabatini, daktari anajua anameza. Ukifika mahali unasema siwezi tena, mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba unataka kuacha, hapo ndipo atakapochukua joto lako kwa uzito.

Sasa joto lenyewe. Kwenye ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili kama mlinzi wa geti. Estrojeni ikiwepo mlinzi ametulia, joto likipanda kidogo au kushuka kidogo anaacha lipite. Estrojeni ikikatika ghafla mlinzi anakuwa na woga, paka akipita anapiga filimbi, yaani joto likipanda kidogo tu labda umekunywa chai au umefunua shuka ukajifunika tena, yeye anaona moto unawaka, anafungua mishipa yote ya ngozi na jasho linamwagika. Ndio maana linaanza kifuani na usoni na likiisha unasikia baridi. Wanaokoma hedhi kwa umri mlinzi wao amezoea pole pole kwa miaka, wewe umenyang'anywa ndani ya miezi michache kwa sababu dawa za kemo, hasa saiklofosfamaidi ambayo iko kwenye kemo nyingi za titi, zinaua vifuko vya mayai moja kwa moja. Kwahiyo usijipime na mama mdogo wako wala jirani wa miaka 52 anayekwambia mbona mimi nilivumilia. Lako ni kali zaidi kweli, hudeki.

Kabla ya dawa nataka ufanye kitu kimoja kwa siku saba, chukua daftari la hesabu za duka, ukurasa wa nyuma, kila joto likipanda weka alama na saa, na uandike dogo au kubwa, kubwa ni lile linalokulowesha au kukuamsha. Usiku andika asubuhi unavyokumbuka. Nalisisitiza kwa sababu mbili, kwanza ukienda kwa daktari ukisema "nasikia joto" atakwambia pole, ukisema joto 13 kwa siku na 6 kati yake ni ya usiku ataandika dawa. Pili, baada ya wiki mbili za dawa utahitaji kujua imefanya kazi au hapana, na kichwa kikichoka kinadanganya. Humohumo utaona vinavyoliamsha, kwa wengi ni chai ya moto ya asubuhi, pilipili, pombe, na kukimbilia daladala juani. Hivi huhitaji kuviacha vyote, acha vile ambavyo daftari limevitaja.

Kuna dada mmoja mwalimu, miaka 41, kansa kama yako na tamoksifeni kama wewe, alianza na joto 14 kwa siku. Tulipohesabu daftari lake karibu nusu yalikuwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na mchana mengi yalikuwa madogo. Kwahiyo daktari akaamua tatizo kubwa ni usiku akamwanzishia gabapentini miligramu 300 anameza saa moja kabla ya kulala. Hii ni dawa ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu, ila ikagundulika inamtuliza yule mlinzi, na haina homoni hata chembe na haigusi tamoksifeni. Inaleta usingizi, na kwake hilo lilikuwa faida. Wiki ya kwanza aliamka na kizunguzungu akaambiwa akae kwanza kitandani kabla ya kusimama. Baada ya wiki mbili usiku alikuwa anaamka mara mbili badala ya sita. Mchana yalibaki, wakamwongezea pole pole mpaka 300 mara tatu kwa siku, hiyo ya jumla 900 ndio iliyotumika kwenye utafiti mkubwa wa wanawake wenye kansa ya titi na ilipunguza joto kwa karibu nusu. Lakini yeye ile ya mchana ilimfanya asinzie darasani, akarudi kwenye ya usiku peke yake na akaridhika, joto likawa 6 au 7 kwa siku na makubwa yalikuwa machache. Halikuisha kabisa. Nakwambia mapema ili usije ukaitupa dawa inayofanya kazi kwa sababu ulitegemea sifuri.

Wewe usiku ndio unaokumaliza na bado una fluoksetini mwilini, kwahiyo ukiuliza ningependa daktari aanze na ipi ningesema hiyo gabapentini ya usiku. Sababu ni kwamba dawa nyingine nzuri sana kwa joto, venlafaksini, iko ukoo mmoja na fluoksetini kwa jinsi inavyofanya kazi kichwani, na kuzipandisha moja juu ya nyingine kunaweza kukuletea mtetemeko, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Daktari ndiye atakayesema muda wa kupisha. Ikishapisha na kama gabapentini haikutosha au inakulewesha, venlafaksini ndio ya kuulizia, na hii haikifungi kile kimeng'enya cha tamoksifeni kiasi cha kutia wasiwasi. Inaanzwa na miligramu 37.5 kwa wiki moja halafu 75. Kwenye utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2000 waliomeza 75 joto lilipungua kwa kama asilimia 60, na waliopewa kidonge kisicho na dawa lilipungua asilimia 27, na waliopandishwa mpaka 150 hawakupata zaidi ya wale wa 75, kwahiyo usikubali kupandishwa tu. Ndani ya wiki mbili unajua kama inakufaa. Siku za mwanzo inaleta kichefuchefu, meza na chakula, mdomo unakauka na choo kinakuwa kigumu, presha ipimwe maana inaweza kupanda. Na zote mbili usiziache ghafla siku moja, zinashushwa kidogo kidogo.

Kama zote mbili zimekushinda kuna oksibutinini, ile dawa ya kibofu, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, inapunguza joto vizuri ila inakausha mdomo na macho, na kwako mwenye ukavu tayari naiweka nyuma ya foleni. Klonidini ya presha nayo inatumika ila nguvu yake ni ndogo na inashusha presha. Kuna dawa mpya zinazokwenda moja kwa moja kwa yule mlinzi, mojawapo elinzanetanti imejaribiwa hasa kwa wanawake wanaomeza dawa za homoni za kansa ya titi na ikafanya kazi, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2025, kwa sasa ni ghali, ila jina lake liweke kichwani. Zile chupa za kusawazisha homoni zinazouzwa kwenye simu sitaki uzione, hazisemi ndani kuna nini, na mimea mingine imejaa vitu vinavyofanana na estrojeni. Maharage ya soya kama chakula cha kawaida hayana shida, vidonge vya soya hapana.

Hapo dukani joto likikupanda mbele ya mteja sio dawa itakayokusaidia kwa dakika hiyo. Kuna tiba ya mazungumzo iliyojaribiwa Uingereza kwa wanawake waliotibiwa kansa ya titi, matokeo yakatoka 2012, ikaonekana haikupunguza sana idadi ya joto lakini ilipunguza jinsi linavyowasumbua, na wakalala vizuri zaidi. Sehemu ya tiba hiyo unaweza kuianza mwenyewe. Joto likianza wengi tunashtuka, tunafikiria wananitazama, wanaona nanuka, nitaanguka, na huo mshtuko wenyewe unaongeza joto. Badala yake ulegeze mabega, upumue pole pole kwa tumbo, uendelee kupima kitenge chako, na kichwani ujiambie hili linapita dakika tatu nne. Lifanyie mazoezi jioni ukiwa umekaa, usisubiri lipande ndio ujaribu kwa mara ya kwanza.

Sasa chumbani, na hapa nataka mume wako naye asome. Estrojeni ndiyo inayofanya ngozi ya uke iwe nene, yenye mikunjo na unyevu. Ikikatika ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, kwahiyo hilo unalosikia kama msasa ni ngozi kweli inachunika, haihusiani na kumtaka au kutomtaka. Halafu mwili ukishaumizwa mara mbili tatu unajifunza, misuli ya mlangoni inajibana yenyewe kabla hata hajakugusa, na hapo hata unyevu ungekuwepo ingeuma. Kwahiyo kwanza simamisheni kuingiliana kwa wiki kadhaa, sio kuacha kushikana, kuingiliana tu, ili mwili usahau.

Kwenye hizo wiki tumia kilainishi cha unyevu wa ukeni, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna vitu viwili tofauti vinavyochanganywa. Kimoja ni cha kulainisha wakati wa tendo, jeli ya maji au ya silikoni. Kingine ni cha kutunza ngozi, kinawekwa ndani usiku mara mbili au tatu kwa wiki iwe kuna tendo au hakuna, kama unavyopaka losheni mikononi, kuna zenye asidi ya hayaluroniki au polikabofili, muulize mfamasia kwa majina hayo na umwambie isiwe na homoni. Anayetumia cha wakati wa tendo peke yake anaona hakisaidii, kwa sababu anapaka mafuta juu ya kidonda. Kipe mwezi mmoja mpaka mitatu. Chagua isiyo na harufu wala ile ya kuleta joto. Na tafadhali, hakuna kuosha ndani kwa sabuni, hakuna ndimu, hakuna shabu. Najua watakwambia shabu inabana na mume atafurahi, kwako wewe shabu ni kumwaga chumvi penye mchubuko.

Mkirudi, anza wewe juu ili uongoze kina na kasi. Kama mlangoni bado panachoma muulize daktari kuhusu ganzi ya lidokaini ya maji, pamba inalowekwa na kushikizwa mlangoni dakika tatu kabla, imejaribiwa kwa wanawake waliopona kansa ya titi na wengi waliweza kurudi kwenye tendo bila maumivu. Mume anaweza kusikia ganzi kidogo, futa kabla. Haya yote yakishindikana ndipo inakuja estrojeni ya kupaka ukeni kwa dozi ndogo sana, na hiyo ni ya daktari wa kansa kuamua, sio duka la dawa. Inayoingia kwenye damu ni kidogo na kwa anayemeza tamoksifeni madaktari wanaweza kufikiria, kwa sababu vile viti vimekaliwa, wakati kwa anayemeza dawa nyingine za kansa ya titi kama letrozoli au anastrozoli wanaogopa zaidi kwani dawa hizo zinategemea estrojeni ifike karibu na sifuri.

Kuna jambo hujaniuliza na ndilo linanitia wasiwasi, mnazuia mimba? Kwa umri wako hedhi kutoonekana miezi 8 tangu kemo iishe sio uthibitisho kwamba imekoma. Mayai yanaweza kuamka baada ya mwaka, hata miwili, na yai linatangulia kabla ya damu, kwahiyo mtu anaweza kushika mimba bila kuona hedhi hata moja. Na tamoksifeni inadhuru mtoto tumboni. Kipimo cha damu cha kuangalia kama hedhi imekoma nacho kikifanyika ukiwa kwenye tamoksifeni kinaweza kupotosha, usiambiwe kwa kipimo kimoja kwamba umeshafunga. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango ya serikali, ni bure, waambie unataka kitanzi cha shaba, useme neno shaba, maana kuna kingine chenye homoni kinafanana. Mpaka kiwekwe tumieni kondomu, na ukiwa unatumia kondomu kilainishi kiwe cha maji au silikoni, mafuta ya nazi na mafuta ya mgando yanaozesha mpira unapasuka. Kitanzi kikishakaa mafuta ya nazi unaweza kuyatumia ukipenda. Hilo hilo la mayai kuamka ndio sababu daktari akitaka kukuhamisha kwenye letrozoli umuulize mayai yangu yatazimwa kwa njia gani, kwa sababu letrozoli peke yake kwa mwanamke ambaye mayai hayajafa haifanyi kazi na inaweza hata kuyaamsha.

Naomba nitoke nje ya barua yako kidogo kwa ajili ya wengine wanaosoma. Kama wewe kansa yako ilikuwa ya shingo ya kizazi, ile ya kawaida kwetu, na mionzi ndiyo iliyokuzimia mayai ukiwa na miaka 35, haya ya kukatazwa homoni mengi hayakuhusu. Kansa hiyo kwa wengi hailishwi na estrojeni na homoni kwao kwa kawaida ni salama, tena zinatakiwa mpaka ule umri wa kukoma kawaida ili kulinda mifupa na moyo. Nimekutana na wanawake wanaoteseka miaka kwa sababu walisikia "mgonjwa wa kansa haruhusiwi homoni" wakadhani ni wote. Uliza ya kwako ilikuwa ya aina gani, na kama kizazi bado kipo lazima homoni ziwe mbili kwa pamoja.

Nirudi kwako. Mifupa yako nayo imepoteza estrojeni mapema, kwahiyo dagaa wa kula na mifupa yake, maziwa, jua la asubuhi, na kutembea kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki, shuka kituo kimoja kabla ya Kariakoo umalizie kwa miguu. Muulize daktari lini upimwe wingi wa mifupa. Na kama siku yoyote ukiona damu ukeni, hata tone, iwe unadhani hedhi imerudi au hapana, nenda uonwe, kwa sababu tamoksifeni kwa baadhi ya wanawake inasumbua ukuta wa kizazi na damu ndiyo inayotangulia kusema.

Kliniki beba daftari, pakiti ya fluoksetini na mume wako kama atakubali. Halafu niandikie baada ya wiki mbili za dawa ya usiku, unitajie idadi ya kabla na idadi ya sasa, tuone kama tunabaki hapo au tunahamia venlafaksini.